Tiba ya awali ya antibiotiki kwa sepsisi

Tiba ya awali ya antibiotiki kwa sepsisi ni utaratibu wa kumpa mgonjwa wa hospitali dawa za kuua bakteria kabla maabara haijatambua ni bakteria gani aliyemwingia. Dawa huchaguliwa kwa kukadiria: daktari hutazama ugonjwa ulianzia wapi mwilini, ni vimelea gani husababisha ugonjwa wa namna hiyo katika eneo lile, na ni dawa gani bado zinawaua. Utaratibu huu una sehemu tatu zinazotegemeana. Kwanza damu huchukuliwa kwa ajili ya kuotesha vimelea, kisha dawa hutolewa bila kukawia, na siku mbili au tatu baadaye dawa hupunguzwa kulingana na majibu.

Sepsisi yenyewe ni hali ambayo mwili, katika kupambana na maambukizi, huanza kuharibu viungo vyake wenyewe. Hivyo ndivyo wataalamu walivyoieleza katika maana mpya iliyokubaliwa mwaka 2016. Si kila mwenye homa na maambukizi ana sepsisi. Dalili zinazoleta shaka ni kupumua haraka, shinikizo la damu kushuka, mkojo kupungua, na mgonjwa kuchanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida. Homa inaweza kuwepo au isiwepo. Wazee na wagonjwa dhaifu mara nyingine huwa na mwili wa baridi, na hilo huwapotosha watu wengi.

Haraka kiasi gani

Mwaka 2006 watafiti walioongozwa na daktari Anand Kumar wa Kanada walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wa sepsisi ambao shinikizo lao la damu lilikuwa limeporomoka, hali inayoitwa mshtuko wa sepsisi. Kwa wagonjwa hao, kila saa moja ya kuchelewa kupata dawa inayofaa iliambatana na kupungua kwa uwezekano wa kupona kwa takriban asilimia 7.6. Takwimu hiyo ilisambaa duniani kote, na hospitali nyingi zikaanza kumpa antibiotiki kila mtu aliyeonekana kuwa na maambukizi.

Uchunguzi mkubwa zaidi ulichapishwa mwaka 2017 kutoka hospitali 149 za jimbo la New York, Marekani, wenye wagonjwa zaidi ya 49,000. Nao ulionyesha kuwa kuchelewa kunaua, lakini athari ya kila saa ilikuwa ndogo kuliko ile ya 2006, na ilionekana zaidi kwa wenye mshtuko. Kwa sababu hiyo mwongozo wa kimataifa wa sepsisi wa mwaka 2021 uliwagawa wagonjwa. Mwenye mshtuko, au ambaye sepsisi yake haina shaka kubwa, apewe dawa ndani ya saa 1. Ambaye hana mshtuko na ugonjwa wake haueleweki vizuri achunguzwe upesi, na kama shaka ya maambukizi bado ipo apewe dawa kabla ya saa 3 kupita.

Tofauti hiyo si ya kitaalamu tu. Saa mbili za nyongeza humpa daktari nafasi ya kupima malaria, sukari na mkojo, na kugundua kwamba huyu ana kisukari kilichopanda, yule ana moyo uliochoka, wala hawahitaji antibiotiki hata moja. Mwenye mshtuko hana saa hizo.

Kwa nini damu itangulie

Bakteria wanapokuwa ndani ya damu huwa wachache mno, mara nyingi chini ya mmoja katika kila mililita ya damu ya mtu mzima. Ndiyo maana kipimo hiki hakitosheki na tone la kidoleni kama kipimo cha malaria. Damu hutiwa katika chupa yenye mchuzi wa kulishia bakteria, huwekwa katika joto la nyuzi 35 hadi 37 za selisiasi, na kusubiriwa hadi bakteria wazaliane kiasi cha kuonekana.

Dozi ya kwanza ya antibiotiki huanza kuwaua hao wachache mara moja. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kanada na Marekani kwa wagonjwa 325 waliotolewa damu mara mbili: kabla ya dawa, na tena ndani ya saa mbili baada ya dawa. Kabla ya dawa, damu ya wagonjwa 31 katika kila 100 iliotesha vimelea. Baada ya dawa, ni 19 tu katika kila 100. Kwa hiyo katika muda mfupi kama huo zaidi ya theluthi ya majibu hupotea, na yakishapotea hayarudi.

Hata hivyo damu haipaswi kuizuia dawa. Mwongozo wa 2021 unaruhusu kusubiri chini ya dakika 45 tu kwa ajili ya kuchukua sampuli. Ikiwa mshipa haupatikani, au chupa zimefungiwa stoo na mwenye ufunguo hayupo, dawa itolewe na damu ichukuliwe baadaye kadiri itakavyowezekana. Kupoteza jibu ni hasara, lakini kumpoteza mgonjwa kwa kungoja chupa ni hasara kubwa zaidi.

Mfano: usiku mmoja Babati

Babati ni makao makuu ya mkoa wa Manyara, mji ulio kando ya Ziwa Babati kwenye barabara kuu ya Arusha hadi Dodoma. Wagonjwa wanaofikishwa hospitalini hapo ni wakulima wa mahindi na mbaazi, wakulima wa mpunga wa Magugu, na wafugaji kutoka pande zote za wilaya. Mgonjwa afuatayo ni wa kubuniwa kwa ajili ya maelezo, ila mambo yanayompata ni ya kawaida.

Mama wa miaka 58 mwenye uzito wa kilo 60 analetwa na mwanawe saa 3:40 usiku wa Jumatatu. Kwa siku nne amekuwa na maumivu wakati wa kukojoa, kisha maumivu ya ubavu wa kulia na kutetemeka. Alinunua vidonge dukani, akavimeza siku mbili, akaviacha. Sasa anaongea maneno yasiyoeleweka. Muuguzi anapima: anapumua mara 28 kwa dakika, mapigo ya moyo ni 124, shinikizo la damu ni 84 kwa 50, joto la mwili ni nyuzi 35.8. Mwanawe anasema, "Homa imeshaisha tangu mchana." Kwa vipimo hivyo, kuisha kwa homa si habari njema.

Daktari wa zamu anakadiria hivi. Dalili zinaelekeza kwenye figo na njia ya mkojo. Bakteria anayeongoza huko ni E. koli, mkazi wa utumbo wa binadamu. Mgonjwa ana mshtuko, kwa hiyo saa moja imeshaanza kuhesabika. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi vimelea na sukari ya damu ni ya kawaida. Vipimo hivyo viwili vimechukua dakika chache na havijazuia kitu.

Saa 4:00 muuguzi anachukua damu. Ngozi ya mkono inasafishwa kwa spiriti ya asilimia 70, kisha kwa klorheksidini, na inaachwa ikauke yenyewe. Watu wengi huipuliza au kuifuta kwa pamba, na hapo bakteria wa ngozi hurudi. Kifuniko cha mpira cha chupa nacho kinafutwa kwa spiriti. Mililita 10 zinatolewa mkono wa kulia na kutiwa chupa ya kwanza, kisha mililita 10 mkono wa kushoto kwa chupa ya pili, kila moja kwa kuchoma mshipa upya. Damu haitolewi kwenye kanula ya zamani, kwa sababu kanula iliyokaa hukusanya bakteria wasiohusika. Mkojo nao unachukuliwa kwenye chupa safi. Kila chupa inaandikwa jina, namba ya jalada, mkono iliotoka na saa. Chupa za damu haziwekwi kwenye friji, maana baridi huwaua baadhi ya bakteria ambao maabara inawatafuta.

Saa 4:12 dawa zinaanza: seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa, na jentamisini miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, yaani miligramu 300. Huu ni mchanganyiko ambao Shirika la Afya Duniani liliupendekeza katika kitabu chake cha antibiotiki cha mwaka 2022 kwa mtu mzima mwenye sepsisi ambayo chanzo chake hakijulikani, na hapa unafaa pia kwa njia ya mkojo. Ampuli ya kawaida ya jentamisini ina miligramu 80, kwa hiyo dozi yake ni karibu ampuli nne. Muuguzi aliyezoea kutoa ampuli moja husita mbele ya namba hiyo. Lakini jentamisini huua bakteria kwa wingi wake katika damu kwa wakati mmoja, si kwa kurudiwarudiwa, na dozi ndogo usiku wa kwanza ni sawa na kutompa.

Dawa hizo mbili hazichanganywi katika bomba moja la sindano. Tena dripu ya ringa laktati ina kalsiamu, na seftriaksoni ikikutana nayo huganda chembechembe. Kwa hiyo dripu inasimamishwa, mrija unasafishwa kwa maji ya chumvi, dawa inaingia taratibu, mrija unasafishwa tena, kisha dripu inaendelea. Kwa watoto wachanga jambo hili ni hatari kiasi kwamba seftriaksoni haitolewi kabisa kwa anayepewa kalsiamu kwa mshipa.

Kuhusu dripu kuna tahadhari moja iliyotokana na Afrika yenyewe. Utafiti wa watoto wenye homa kali nchini Kenya, Uganda na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kuwa kuwamiminia maji mengi kwa haraka kuliongeza vifo. Utafiti wa watu wazima wenye sepsisi nchini Zambia, uliochapishwa mwaka 2017, ulipata matokeo yanayofanana. Haraka ya antibiotiki haimaanishi haraka ileile ya maji. Maji hutolewa kwa vipimo huku mgonjwa akisikilizwa kifua mara kwa mara.

Tangu mgonjwa afike hadi dawa kuanza kuingia zimepita dakika 32.

Majibu yanapokuja

Jumanne saa 8 mchana chupa ya mkono wa kulia imechafuka kwa ukungu, na saa moja baadaye ya kushoto nayo. Mtaalamu wa maabara anapaka tone kwenye kioo na kulitia rangi kwa njia iliyobuniwa na daktari Mdenmaki Hans Christian Gram mwaka 1884. Anaona vijiti vya rangi ya waridi, yaani bakteria wa Gramu hasi. Hasubiri kuandika ripoti, anapiga simu wodini. Jibu hili la kwanza halina jina la bakteria, lakini linathibitisha kwamba makadirio ya usiku yalielekea panapofaa.

Jumanne hiyohiyo kipimo cha kreatinini kimeonyesha kuwa figo zimeelemewa. Jentamisini inaweza kudhuru figo na masikio. Jioni mgonjwa ana akili timamu, shinikizo limefika 108 kwa 66 na mkojo unatoka vizuri, hivyo daktari anaamua dozi ya pili isitolewe. Seftriaksoni inaendelea.

Alhamisi asubuhi majibu kamili yanafika: E. koli katika chupa zote mbili na katika mkojo. Ampisilini na kotrimoksazoli haziwaui. Seftriaksoni, jentamisini na siprofloksasini zinawaua. Sasa jentamisini inafutwa rasmi kwenye karatasi ya dawa. Mgonjwa anakula na hatapiki, kwa hiyo Ijumaa sindano zinaachwa na anapewa vidonge vya siprofloksasini miligramu 500 mara mbili kwa siku, hadi jumla ya siku 7 za dawa zinazofanya kazi itimie. Tarehe ya mwisho inaandikwa palepale. Dawa isiyoandikiwa tarehe ya mwisho huwa na tabia ya kuendelea hadi mgonjwa aruhusiwe, si kwa sababu inahitajika bali kwa sababu hakuna aliyeikatisha.

Huku ndiko kupunguza dawa. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2017 limezigawa antibiotiki katika makundi matatu: za kutumika kwa kawaida, za kuangaliwa kwa makini, na za akiba. Jentamisini na ampisilini zimo kundi la kwanza, seftriaksoni na siprofloksasini kundi la pili. Kama E. koli wa mama huyu angeuawa na ampisilini au kotrimoksazoli, daktari angerudi kwenye hizo. Hakuweza, lakini alipunguza kwa njia nyingine: dawa mbili zikawa moja, sindano ikawa kidonge, na muda ukawekewa kikomo. Mgonjwa anarudi nyumbani mapema na kanula inatoka mkononi kabla haijawa mlango wa maambukizi mengine.

Majibu yakisema vinginevyo

Majibu hayo yangeweza kuwa mabaya. Baadhi ya E. koli na klebsiela hutengeneza kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni. Katika hospitali ya taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001 na 2002 watafiti waliotesha damu ya watoto 1,828 waliolazwa. Watoto wenye bakteria wa Gramu hasi katika damu walikufa kwa kiwango cha asilimia 43.5, zaidi ya maradufu ya wale wenye malaria, ambao walikuwa asilimia 20.2. Kupewa dawa ambayo bakteria walikuwa sugu kwake kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotabiri kifo. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa, ambao nchini Tanzania hufupishwa UVIDA, unaonekana hapo waziwazi: mtoto alipewa dawa, tena mapema, lakini dawa haikuwa dawa.

Kama mama wa Babati angekuwa na E. koli wa namna hiyo, jentamisini ya usiku wa kwanza huenda ndiyo iliyomfikisha asubuhi, ikiwa E. koli huyo hakuwa sugu kwa jentamisini pia. Alhamisi daktari angebadilisha kwenda amikasini au meropenemu kufuatana na majibu. Hapo dawa ingepanuliwa, si kupunguzwa, na bila chupa zile za saa 4 usiku asingejua kama apanue au apunguze.

Majibu mengine hudanganya. Stafilokoki wa ngozi akiota katika chupa moja tu kati ya mbili, na mgonjwa hana kifaa chochote kilichowekwa mwilini, mara nyingi ametoka kwenye ngozi wakati wa kuchoma sindano. Hiyo ndiyo sababu ya kutumia mikono miwili. Lakini Stafilokoki dhahabu, salmonela na E. koli hawapuuzwi hata wakiota katika chupa moja.

Tena kuna chupa zisizootesha kitu. Mama huyu alimeza vidonge vya dukani, na vingeweza kuwazuia bakteria wasiote. Chupa isiyoota baada ya siku 5 haithibitishi kwamba hapakuwa na maambukizi.

Ambavyo seftriaksoni haivifikii

Utafiti uliofanyika Moshi mwaka 2007 na 2008 unawahusu sana watu wa kaskazini mwa Tanzania. Kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa, 528 waliandikiwa kwamba wana malaria. Waliothibitika kuwa nayo kama chanzo cha ugonjwa walikuwa 14 tu. Wagonjwa 85 walikuwa na bakteria katika damu, na karibu robo ya waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama walikuwa nayo: leptospirosisi, homa ya Q, homa ya kupe ya riketsia na brusela.

Magonjwa hayo hayaonekani katika chupa za kawaida, isipokuwa brusela, ambaye huota polepole. Leptospirosisi huitikia seftriaksoni. Riketsia na homa ya Q haziitikii. Hizo hutakiwa doksisiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku, nayo brusela huhitaji doksisiklini pamoja na dawa nyingine kwa wiki kadhaa. Kwa mkoa wa wafugaji kama Manyara, swali la kumuuliza mgonjwa aliyelazwa siku tatu bila nafuu ni la kawaida kabisa: amesaidia ng'ombe au mbuzi kuzaa hivi karibuni, amekunywa maziwa yasiyochemshwa, ameumwa na kupe, amefanya kazi kwenye maji ya mashamba ya mpunga?

Kwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, kifua kikuu kinaweza kusambaa katika damu na kufanana na sepsisi ya bakteria kwa kila hali. Chupa za kawaida hukaa kimya. Wakati huo kipimo cha makohozi au cha mkojo cha kifua kikuu ndicho hutoa jibu.

Kwa hiyo ikifika saa 48 hadi 72 bila nafuu, kuongeza dawa kali zaidi si hatua ya kwanza. Hutafutwa kwanza kama bakteria ni sugu, kama dozi ilikuwa ndogo, kama ugonjwa ni mwingine, au kama kuna usaha uliojificha. Usaha, au jiwe lililoziba mrija wa figo, haliponi kwa antibiotiki yoyote hadi njia ifunguliwe, na mashine ya utrasaundi hapo ina faida kuliko sindano mpya.

Mahali pasipo na kuotesha

Si kila hospitali ina mashine ya kuotesha damu. Chupa zinaweza kusafirishwa, mathalani kwenda hospitali ya rufaa ya KCMC mjini Moshi, takriban kilomita 250 kutoka Babati. Husafirishwa katika joto la kawaida la chumbani, bila barafu, na zifike ndani ya saa 24. Kuotesha bila mashine nako kunawezekana: chupa hutazamwa kila siku kwa jicho, zikitafutwa ukungu, mapovu au damu iliyobadilika rangi.

Pasipokuwa na lolote kati ya hayo, dawa bado zinaweza kupunguzwa. Mkojo au usaha uliotiwa rangi ya Gramu hutoa sehemu ya jibu ndani ya nusu saa. Siku ya tatu mgonjwa aliyepata nafuu anaweza kuachishwa jentamisini, akahamishiwa kwenye vidonge na kuandikiwa tarehe ya mwisho. Aliyegundulika kuwa na ugonjwa usio wa bakteria huachishwa antibiotiki zote siku hiyohiyo, bila kumalizia dozi, kwa kuwa hakuna dozi ya kumalizia.